Sentensi ya Mwisho ya Kumjulisha Mgeni

Chukueni kalamu na daftari, maana leo tutaandika sentensi moja tu. Ni ile ya mwisho anayoisema mtu aliyepewa kazi ya kumjulisha mgeni mkutanoni.

Tuseme kijijini kwenu amealikwa mkunga wa zahanati, aje aeleze dalili za hatari kwa mama mjamzito. Hajapata kusimama mbele ya mkutano mkubwa kama huu. Wewe ndiwe utakayemjulisha. Umeeleza kazi yake vizuri, kisha unamaliza hivi:

"Basi, huyu ndiye Bibi Fulani, nadhani wengine mnamjua, alichelewa kidogo kwa ajili ya basi, kwa hiyo sasa atasema, karibu."

Watu watafanya nini? Wawili watatu watapiga makofi, kisha wataacha. Mkunga atainuka, atasita, atainuka tena. Ataanza kwa sauti ndogo, na akina mama walioketi nyuma hawatasikia habari ya kutoka damu, ambayo ndiyo iliyomleta.

Je, watu hawampendi? La. Hawakujua wakati wa kupiga makofi ni upi. Hakuna apendaye kupiga makofi peke yake, kwa hiyo kila mtu humngoja mwenzake. Mwingereza mmoja, Max Atkinson, alichunguza hotuba za mikutano ya siasa, akatoa kitabu mwaka 1984. Aliona kwamba makofi mazuri huanza mara tu sentensi inapokwisha, au hata kabla kidogo. Sababu ni kwamba wasikilizaji wameuona mwisho ukija, wakajiweka tayari pamoja.

Basi tuijenge sentensi inayoonyesha mwisho wake. Ina sehemu tatu.

Kwanza, anza na neno "tumpokee". Litazame neno hili. "Tu" ni sisi sote. "M" ni mtu mmoja. Mtu akilisikia, moyoni huuliza, "Tumpokee nani?" Tangu hapo anangoja jina.

Pili, taja mambo matatu ya kweli juu ya mgeni, kila moja kwa maneno machache. Masikio yetu yamezoea hesabu ya tatu. La tatu likija, kila mtu anajua kwamba mwisho umekaribia.

Tatu, taja jina, kisha nyamaza. Baada ya jina lisije neno lolote, hata "karibu". Ukiongeza neno, mikono iliyokwisha kuinuka itashuka.

Sasa andikeni. Mstari mdogo ni mahali pa kupumua:

"Ndugu zangu, tumpokee kwa furaha mkunga wetu, / aliyetuzalishia watoto wetu, / aliyewachanja watoto hao, / na leo amekuja kutufundisha sisi wazazi wao: / Bibi Fulani binti Fulani!"

Mahali pa "Fulani" utaweka jina la mgeni wako. Kabla ya jina pumua kidogo, kisha litamke kwa sauti kubwa kuliko maneno mengine. Na tangu mwanzo wa maelezo yako usilitaje jina hilo kamili. Sema "mgeni wetu" au "mkunga wetu". Ukilitaja mapema kwa sauti kubwa, watu watapiga makofi kabla hujamaliza.

Wengine husema, "Makofi tafadhali!" Watu watapiga, lakini hapo wamekutii wewe, hawajampokea mgeni.

Ukikwisha kutaja jina, mgeukie mgeni na uwe wa kwanza kupiga makofi. Kwa hiyo weka karatasi chini mapema, ili mikono iwe huru. Katika mikutano aliyoichunguza Atkinson, makofi yalidumu kama sekunde 8. Huo ni muda wa kutosha mgeni kuinuka na kufika mbele. Usiyakatize kwa kusema "asanteni".

Utajuaje kama sentensi yako ni nzuri? Makofi yakianza pamoja na yako, ni nzuri. Wakikutazama kwanza, kisha wakakufuata mmoja mmoja, mwisho haukuonekana. Huenda sifa zilikuwa nyingi mno, au ulishusha sauti kwenye jina.

Lakini fikirini mahali pia. Msibani hatupigi makofi. Huko mtaje msemaji kwa upole, kisha umpishe.

Zoezi: Andika sentensi ya kumjulisha Bwana Shamba wa kwenu. Anza na "tumpokee", taja mambo matatu, malizia na jina. Isome kwa sauti mbele ya mwenzako, naye asiitazame karatasi. Akiinua mikono kabla hujafunga kinywa, umefaulu. Asipoinua, tafuta neno lililozidi, ulifute, usome tena.