Upele Nyumbani: Nyumba Nzima Itibiwe Pamoja, na Kwa Nini Muwasho Huendelea Baada ya Dawa

[Muziki, kisha unashuka taratibu]

Leo tunazungumza na familia za Busanza, pale Kanombe, wilayani Kicukiro, hasa zile zinazoishi katika nyumba za ghorofa walizopewa waliohamishwa kutoka Kangondo. Mada yetu ni upele, ule ambao kwa Kinyarwanda tunauita ubuheri. Wewe unayetusikiliza kutoka Goma, Bukavu au Kigoma usizime redio, kwa sababu kidudu cha upele ni kilekile.

Kidudu hicho ni kidogo kiasi kwamba kwa macho matupu ni vigumu kukiona. Jike lake hutoboa ngozi, huchimba njia chini yake na kutaga mayai 2 au 3 kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Mtu mwenye upele wa kawaida hana vidudu elfu moja mwilini. Mara nyingi wazima wanaokomaa ni 10 hadi 15 tu. Basi mbona anajikuna usiku kucha, mwili mzima?

Hapo ndipo penye jambo la kushika. Kinachowasha zaidi si meno ya kidudu. Ni mwili wenyewe kuwakataa wageni hawa, pamoja na mayai yao na kinyesi chao. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua upele, mwili huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kulalamika. Wiki zote hizo hajikuni, ngozi yake ni safi kwa kuitazama, lakini tayari anawaambukiza anaolala nao kitanda kimoja. Kwa hiyo muwasho huchelewa kuanza. Na kama tutakavyoona, huchelewa pia kuondoka.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya vyumba viwili. Yumo baba mwenye kilo 60 na mama ambaye ni mjamzito. Yumo bibi wa kilo 45, binti wa kilo 30, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kisha yuko mjomba, mlinzi wa usiku, ambaye hurudi asubuhi na kulala kwenye godoro lile ambalo binti ameondoka kwenda shule. Wanaojikuna ni binti na mtoto tu. Mama anapeleka hao wawili kituo cha afya, wanapakwa dawa, wanapona. Baada ya wiki chache upele umerudi, na mama anasema dawa ni feki. Dawa haikuwa feki. Vidudu vilikuwa vinangoja kwa bibi, kwa baba na kwa mjomba, watu watatu ambao hawakuwa wakijikuna.

Sasa tuitibu nyumba hii upya, wote sita, ndani ya siku moja.

Dawa ya kwanza ni krimu ya permethrini ya asilimia 5. Ijumaa jioni mtu anaoga, anajikausha na kuacha ngozi ipoe. Kisha anapaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu. Pasisahaulike katikati ya vidole, viganja, chini ya kucha, kwapani, kitovuni, makalioni na sehemu za siri. Mtu mzima mmoja huhitaji kama gramu 30, yaani tyubu nzima ya kawaida. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu apakwe pia kichwani na usoni, mbali na macho na mdomo, na avalishwe soksi mikononi asije akalamba. Krimu inakaa saa 8 hadi 14, ndipo mtu aoge. Ukinawa mikono usiku, au ukimsafisha mtoto, paka tena pale ulipoosha. Hapa ndipo wengi hukosea, maana mikono ndiyo makao makubwa ya kidudu na ndiyo inayonawiwa mara kwa mara.

Mjomba yuko zamu usiku. Hakuna shida, yeye apake Jumamosi asubuhi akitoka kazini na alale nayo mchana.

Dawa ya pili ni vidonge vya ivermektini. Kipimo hufuata uzito wa mtu, mikrogramu 200 kwa kila kilo. Kwa vidonge vya miligramu 3, baba wa kilo 60 anameza 4, bibi wa kilo 45 anameza 3, binti wa kilo 30 anameza 2. Vyote humezwa kwa mara moja, pamoja na chakula. Mama mjamzito hapewi, wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Hao wawili wanatumia krimu. Na kama umewahi kuishi katika misitu mikubwa ya Kongo, mwambie muuguzi kabla ya kumeza. Huko kuna mnyoo wa jicho, loa, na mwenye minyoo hiyo mingi katika damu anaweza kudhurika vibaya na ivermektini.

Wiki moja baadaye, Ijumaa inayofuata, wote sita wanarudia. Ivermektini haiui mayai. Dozi ya pili inawakamata walioanguliwa kabla hawajaanza kutaga.

Nguo, mashuka na taulo za siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto asubuhi ile ya kuoga dawa. Blanketi lisilofulika litieni kwenye gunia, mlifunge mdomo, mlingoje siku 3. Kidudu kikikosa ngozi ya mtu kwa muda huo hufa. Kupulizia ukuta dawa ya wadudu ni kupoteza pesa.

[Muziki mfupi]

Siku ya kumi imefika, na binti bado anajikuna. Mama anataka kununua tyubu ya tatu. Mama, ngoja kwanza. Vidudu vimekufa, lakini mizoga, mayai na kinyesi bado vimo ndani ya ngozi, na mwili unaendelea kuvikataa mpaka ngozi ya juu ibanduke na nyingine ichukue nafasi yake. Hilo huchukua wiki 2 hadi 4, na wengine huzidi kidogo. Vivimbe vigumu vya kwapani au sehemu za siri vinaweza kubaki miezi bila kidudu hata kimoja. Ukiendelea kupaka permethrini kila siku, ngozi inakauka, inaungua, na inawasha zaidi. Kinachosaidia sasa ni vaselini isiyo na manukato, kucha fupi, na vidonge vya kupunguza muwasho ambavyo muuguzi atakuchagulia.

Utajuaje basi kwamba upele umerudi kweli? Tazama mwendo wake. Muwasho wa mabaki hupungua wiki hadi wiki, hata kama ni polepole, wala hauleti vipele vipya. Ukiona vipele vipya katikati ya vidole, au muwasho uliokwisha kabisa ukaanza tena, au wiki 4 zimepita tangu dozi ya pili na hali ni ileile, rudini kituoni wote. Safari hii anzeni kwa kuuliza ni nani aliyerukwa. Labda mgeni aliyelala siku mbili, au dada wa kazi, au mtoto wa jirani anayelazwa pamoja na wenu mchana.

Usingoje hizo wiki 4 kama vidonda vinatoa usaha, mtoto ana homa, uso umevimba asubuhi, au mkojo umekuwa na rangi ya chai nzito. Bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo wanaweza kusababisha madhara kwenye figo. Mtoto huyo apelekwe siku hiyohiyo.

[Muziki wa kufunga]