Soda ya Kabla ya Kulala: Mate, Usingizi na Meno ya Mchimbaji

Muuguzi wa kinywa na meno anayehudumia wachimbaji wa Geita haanzi na picha za meno yaliyooza. Anaanza na swali: "Kaka, ukitoka zamu unalala saa ngapi?" Kwa aliyekesha kwenye karasha usiku kucha, usiku wa meno huanza saa mbili asubuhi, anapojilaza na chupa ya soda kando ya godoro.

Hapo ndipo maelezo yake yanaposhika. Bakteria walio kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi. Katika miaka ya 1940, Mmarekani Robert Stephan alipima hali hiyo: dakika chache baada ya sukari kuingia mdomoni, pH ya ukoga hushuka chini ya 5.5, kiwango ambacho madini ya jino huanza kuyeyuka. Mtu akiwa macho, mate huizimua asidi na kurudisha madini, kwa kawaida ndani ya nusu saa hadi saa moja. Akilala, mate karibu hukauka. Soda ile ile iliyonywewa na chakula cha mchana huacha asidi inayokaa muda mrefu zaidi ikinywewa wakati wa kulala.

"Huwa unaimaliza mara moja, au unapiga funda, unasinzia, unapiga lingine?" Swali hili lina uzito kuliko hesabu ya vijiko vya sukari. Tuseme chupa moja inanywewa kwa dakika kumi pamoja na ugali: asidi hupanda mara moja, kisha mate hufanya kazi yake. Chupa hiyo hiyo ikigawanywa kwa saa nne, kila funda huamsha asidi upya kabla mate hayajamaliza. Enaji za zamu ya usiku hufuata kanuni hiyo, nazo zenyewe zina asidi hata zisipokuwa na sukari.

Kisha anamulika mdomo kwa tochi. Huenda mchimbaji alikulia Shinyanga, kwenye maji ya visima yenye floraidi nyingi, na wengi waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia. Mtu asiambiwe kuwa soda ndiyo iliyoyaleta. Madoa hayo hutokea jino likiwa bado linajengwa utotoni, na kwa kawaida hufanana pande zote mbili za mdomo. Dalili ya mwanzo ya kuoza ni tofauti: weupe uliofifia kama chaki, kandokando ya ufizi, pale ukoga unapojikusanya. Jino likiwa halijatoboka, bado linaweza kurudishiwa madini.

Kwa hiyo muuguzi hamnyimi mchimbaji soda yake. "Inywe na chakula, uimalize. Kabla ya kulala piga mswaki kwa dawa yenye floraidi, tema povu, usisukutue. Baada ya hapo, maji tu."

Aliyekwisha kutoboka jino anahitaji kuzibwa. Mswaki peke yake hautafunga tundu.