Dengu Zipi? Kuthibitisha Oda ya Mikunde Kati ya Kenya na Tanzania



Mada yangu inahusu ujumbe mfupi ambao mfanyabiashara wa mikunde wa Shinyanga anaweza kuupokea kwa simu kutoka Nairobi: "Kaka, naomba dengu gunia 100, safi. Bei ya mwisho?" Ujumbe huo unabeba mazao mawili tofauti. Aliyeutuma anafikiria moja, aliyeupokea anafikiria jingine, na hakuna kati yao anayeona sababu ya kuuliza zaidi.

Katika masoko ya Tanzania, dengu ni zao linalolimwa kwa wingi Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Mkulima hulipanda mvua zinapokaribia kwisha, likakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Punje yake ni ya kahawia, ina mikunjo na pembe, na upande mmoja imechongoka kama mdomo mdogo. Jina lake la kitaalamu ni Cicer arietinum, na sehemu kubwa huuzwa nje, India ikiwa miongoni mwa wanunuzi wakuu. Unga wake ndio unaopikiwa bajia.

Kenya bara, ndengu ni ile punje ndogo ya kijani ya Kitui, Makueni, Machakos na Tharaka Nithi, inayoliwa kwa chapati au wali. Kitaalamu huitwa Vigna radiata. Mtanzania anaijua vizuri na kuila, ila kwake hiyo ni choroko. Ukishuka Mombasa utasikia wenyeji wakiiita pojo. Mpwani huyohuyo anapokaanga viazi karai husema amevichovya kwenye unga wa dengu, naye hana maana ya unga wa pojo. Kwa hiyo mpaka wa maana haufuati mpaka wa Namanga. Unapita katikati ya Kenya yenyewe, na wakati mwingine ndani ya jiko moja.

Wapo wanaosema herufi "n" inatosha kututenganisha: ndengu ya Kenya, dengu ya Tanzania. Mimi siitegemei kabisa. Kwenye simu haisikiki vizuri, na kwenye ujumbe wa haraka Mkenya naye huandika "dengu". Tena kuna adesi, ile punje bapa ambayo Kenya huitwa kamande, na wapo wauzaji wa mijini wanaoiita nayo dengu. Jina peke yake halibebi oda.

Hebu tuifuate oda yetu hadi mwisho. Muuzaji wa Shinyanga anajibu, "Dengu zipo, kaka, mzigo mpya." Mnunuzi anauliza, "Ni safi?" Anajibiwa, "Safi kabisa, zimechekechwa." Wanakubaliana bei, malipo ya awali yanatumwa, lori linapakiwa. Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyedanganya, na kila mmoja aliuliza maswali ambayo mfanyabiashara makini huuliza. Tatizo ni kwamba kila jibu lingekuwa lilelile hata kama zao lingekuwa jingine. Choroko huchekechwa, dengu huchekechwa. Choroko huwa na mzigo mpya, dengu pia. Maswali yalipima ubora wa kitu ambacho hakijatambuliwa bado.

Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu. Swali la kuthibitisha ni lile ambalo mwenye choroko na mwenye dengu hawawezi kulijibu sawa. "Unataka dengu, sivyo?" si swali la kuthibitisha, kwa sababu wote wawili watasema ndiyo. "Zina rangi gani?" ni swali. "Mnazipikaje?" ni swali bora zaidi, hasa kwa mteja anayenunua kwa ajili ya shule au hoteli. Atakayejibu kwamba zinachemshwa bila kulowekwa na kuiva ndani ya dakika 30 hadi 45 anataka choroko. Atakayesema analoweka usiku kucha kisha anachemsha saa nzima au zaidi, au anapeleka mashineni kusaga unga wa bajia, anataka Cicer arietinum. Mpishi wa shule anayeletewa hizi badala ya zile ataligundua kosa saa sita mchana, watoto wamepanga foleni na sufuria bado haijaiva.

Njia nyingine nzuri ni kuuliza jina la mbegu, endapo upande wa pili unajua kilimo. Mkenya akitaja nailoni, yaani N26, au Karembo, au Biashara, hakuna shaka tena, hizo ni mbegu za ndengu ya kijani. Mtanzania akikuambia mzigo wake ni Ukiriguru 1 au Mwanza 2, hizo ni dengu za Kanda ya Ziwa. Majina ya mbegu yana faida moja kubwa: hayajahamia kwenye zao jingine jinsi jina la zao lilivyohama.

Maswali haya yaulizwe kabla ya bei. Bei ikishatajwa, watu wawili huanza kuvutana juu ya shilingi na hakuna anayerudi nyuma kuuliza punje ina rangi gani. Lakini bei nayo inaweza kusaidia. Ukitajiwa kiwango kilicho mbali mno na cha soko unalolijua, chini au juu, usifurahi wala usikasirike haraka. Uliza kwanza kama mnazungumzia punje moja.

Sasa nije kwenye picha, kwa kuwa siku hizi wengi huona picha ya simu inatosha. Kwa punje nzima inasaidia sana ikipigwa vizuri. Mwambie mwenzako aweke punje chache kiganjani au kando ya sarafu, mchana, nje ya ghala. Choroko itaonekana ndogo, ya kijani, na ubavuni ina kistari cheupe. Dengu itaonyesha ule mdomo. Zipo dengu zenye ukijani pia, hivyo usitegemee rangi pekee. Tafuta mdomo na mikunjo. Adesi utaijua kwa ubapa wake.

Kwa punje zilizokobolewa na kupasuliwa, picha inaweza kukupoteza. Choroko iliyokobolewa ni ya njano. Dengu iliyokobolewa ni ya njano. Mbaazi iliyokobolewa nayo ni ya njano. Anayezishika kila siku atatofautisha: ya choroko ni ndogo na ndefu kidogo, ya dengu ni nene na ina uso mkavu usio laini. Kwenye kioo cha simu tofauti hizo hupotea. Hapo omba sampuli, na uipike. Choroko iliyopasuliwa hulainika mapema sana kuliko dengu zilizopasuliwa. Kwa unga, picha haina kazi hata kidogo. Muuzaji aandike umesagwa kutokana na punje gani.

Sampuli ya punje nzima ina kipimo rahisi ambacho naomba kila wakala akizoee. Chota kutoka sehemu tofauti za gunia, hesabu punje 100 bila kuchagua, uzipime. Choroko 100 huwa kama gramu 4 hadi 7. Dengu ndogo za kahawia tunazolima Kanda ya Ziwa huwa karibu gramu 20, na zile kubwa nyeupe huzidi 30. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata mizani ya kawaida ya jikoni, ya kidijitali, inaionyesha. Kinachofanya kipimo hiki kiwe na nguvu ni kwamba hakihitaji mtu aone. Wakala aliye Shinyanga anaweza kumwambia mnunuzi aliye Nairobi, "Punje mia ni gramu tano," na mnunuzi akajua amepata choroko yake, hata kama wameendelea kuiita kila mtu kwa jina lake.

Mkishaelewana kwa mdomo, andikeni. Nimeona oda nyingi zenye jina moja tu la bidhaa, na sehemu iliyobaki yote ya karatasi ni ya bei na usafiri. Oda yetu ingeandikwa hivi: "Choroko (Kenya: ndengu), Vigna radiata, punje nzima za kijani, msimbo wa forodha 0713.31, kilo 9,000 katika magunia 100 ya kilo 90." Kila kipande cha sentensi hiyo kinaziba pengo la kingine. Majina mawili ya sokoni ni kwa ajili ya wapakiaji na wapokeaji. Jina la kitaalamu ndilo litakalohitajika kwenye cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na TPHPA kwa mzigo unaotoka Tanzania na KEPHIS kwa unaotoka Kenya. Msimbo hutenganisha choroko na dengu, ambazo ni 0713.20, na adesi, ambazo ni 0713.40. Lakini msimbo una mipaka yake. Hiyo 0713.31 inajumuisha pia choroko nyeusi, Vigna mungo, wala haisemi kama punje ni nzima au imepasuliwa. Ndiyo maana tumeandika rangi na hali ya punje.

Na kilo nazo ziandikwe. Gunia la Kenya kwa kawaida huhesabiwa kilo 90, la Tanzania mara nyingi kilo 100. Kwa gunia 100, hiyo ni tofauti ya tani nzima, juu ya zao ambalo pande zote mbili tayari zimelitambua sawasawa.

Linabaki suala la mbegu za kupanda, nalo nalitaja kwa uzito kuliko mzigo wa kula. Mzigo wa chakula ukikosewa utapata mnunuzi mwingine, hata kwa hasara. Mbegu ikikosewa hugundulika ikiwa imeshaota, na msimu haurudi. Mkulima aliyetaka ndengu ya siku 60 hadi 90, akaipanda mwanzo wa mvua, kumbe ni dengu inayotaka kukua mvua zikiisha, atakuwa na shamba linaloshambuliwa na magonjwa. Kwa mbegu, usikubali gunia lililofunguliwa na jina la mdomo. Dai lebo yenye jina la zao na la aina yake.

Ndugu washiriki, naomba tukitoka hapa kila mmoja afungue kitabu chake cha oda na aongeze mistari miwili chini ya jina la bidhaa: mmoja wa jina la kitaalamu, mwingine wa uzito wa punje 100 za sampuli. Na muuzaji asipokee malipo ya awali mpaka mistari hiyo miwili imejazwa na pande zote mbili zimeisoma.