Upungufu wa Maji Mwilini: Maneno kwa Watu wa Bumbire

Wazee wetu, walimu, na ndugu wavuvi,

Mtu akiharisha katika kisiwa hiki, hapana budi kujua mapema kama kunywa nyumbani kutamtosha, maana njia ya kwenda hospitali ya bara ni ya majini, na upepo hauna ahadi. Dalili ni nne, nazo zitazamwe pamoja.

Ya kwanza ni mkojo. Ukiwa kama majani makavu, maji yatosha. Ukiwa kama chai ya rangi, tena kidogo, maji yamepungua. Lakini mkojo wa alfajiri huwa mzito kwa kila mtu, na dawa nyingine huugeuza rangi. Basi tazameni ule wa baadaye.

Ya pili ni kiu. Kijana huiona upesi, bali mzee aweza kukauka asione kiu. Kwa hiyo msingoje aombe maji.

Ya tatu ni kizunguzungu, hasa mtu asimamapo.

Ya nne ni ngozi. Ifinyeni kifuani chini ya mtulinga, kisha muiachie. Ngozi nzima hurudi mara moja. Iliyokauka hurudi polepole. Ya wazee hulegea kwa umri, basi msiitegemee peke yake.

Tuseme mvuvi ameharisha mara tano tangu asubuhi. Mkojo wake ni kama chai, na akisimama aona kizunguzungu, lakini akili yake ni timamu na aweza kunywa. Huyu aanze nyumbani. Chukueni lita 1 ya maji ya ziwa yaliyochemshwa na kupoa, mtie pakiti 1 ya dawa ya chumvichumvi. Pakiti ikikosekana, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi hudhuru. Anywe lita 2 hadi 4 kwa muda wa saa 4, kidogo kidogo. Akitapika, angojeni dakika 10, kisha aendelee polepole.

Saa 4 zikiisha, tazameni tena. Mkojo ukiwa mwingi na mweupe zaidi, na kizunguzungu kimekoma, abaki nyumbani, anywe kikombe kila aharishapo, naye ale chakula.

Lakini asiyeweza kunywa, au atapikaye kila anywacho, au aliyezimia, au apayukaye, au asiyekojoa tangu asubuhi hata jioni, au mwenye mikono ya baridi, huyo ahitaji maji ya mshipani. Vivyo hivyo aharishaye maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele, kwani huenda ni kipindupindu, kiwezacho kuua kwa saa chache. Huyo msimngojee saa 4. Mpelekeni zahanati au mpakieni mashuani upesi, na njiani, akiweza kumeza, aendelee kunyweshwa.