Nani Mheshimiwa, Nani Ndugu: Barua kwa Viongozi na Maofisa katika Ukanda wa Dhahabu



Katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo, awe Nyarugusu au Mwakitolyo, huwaandikia watu wa aina tatu: viongozi wa kisiasa, watumishi wa umma na mameneja wa kampuni za madini. Kosa ninaloliona mara nyingi katika barua hizo ni kudhani kwamba heshima hupimwa kwa ukubwa wa ofisi. Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri husimamia fedha na watumishi wengi, lakini katika barua ni Ndugu. Diwani wa kata ndogo ni Mheshimiwa.

Wala kuteuliwa na Rais si kipimo. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, na Katibu Tawala wa Mkoa vilevile. Wa kwanza ni kiongozi wa kisiasa, kwa hiyo ni Mheshimiwa. Wa pili ni mtendaji, kwa hiyo ni Ndugu. Mkuu wa Wilaya, mbunge na waziri wanafuata mkondo wa kwanza. Mtendaji wa Kata na Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini wako kwenye mkondo wa pili. Mkurugenzi akiitwa Mheshimiwa hatakasirika, ila karani wa masjala atajua papo hapo kwamba mwandishi hafahamu anamwandikia nani.

Tuchukue mfano. Nyumba za wanakijiji wilayani Geita zimepata nyufa, nao wanaamini chanzo ni ulipuaji wa mgodi wa jirani. Kikundi kinaomba Mkuu wa Wilaya aitishe kikao. Sehemu za juu na chini za barua ziwe hivi:

Mkuu wa Wilaya,
Wilaya ya Geita,
S.L.P. …,
GEITA.

Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KIKAO KUHUSU NYUFA ZA NYUMBA

…

Wako katika ujenzi wa Taifa,

(saini, jina, cheo)

Nakala: Afisa Madini Mkazi, Geita

Jina la Mkuu wa Wilaya halipo, na ni kwa makusudi. Wakuu wa wilaya huhamishwa, na barua yenye jina la aliyeondoka inaweza kukaa ikisubiri mwenyewe au kumfuata kituo kipya kama barua binafsi. Cheo hakihamishwi. Pia hakuna shikamoo wala kuulizia hali ya familia. Najua kwetu usukumani kuingia kwenye hoja bila salamu ni utovu wa adabu, lakini katika barua rasmi neno "Mheshimiwa" limekwisha beba salamu yote. Ofisi za serikali zinapoandikiana mara nyingi huacha hata hilo na kuanza moja kwa moja na "Yah". Mwananchi asiige hapo.

Mstari wa "Kupitia kwa" ndio unaokwamisha wengi. Kuuandika tu hakutoshi. Mtendaji wa Kata lazima aisome barua, aandike maoni yake, atie saini na kugonga muhuri. Ikifika wilayani bila hayo inaweza kurudishwa, na wiki zikapotea.

Mwishoni, "Wako mtiifu" inamfaa mtumishi anayemwandikia mkubwa wake kazini. Wananchi wanaodai haki yao hawana haja ya kutangaza utii. "Wako katika ujenzi wa Taifa" au "Nawasilisha" inatosha.

Sasa barua hiyohiyo kwa Kiingereza, kwa meneja wa kampuni. Hapa kanuni ni ya ulinganifu. Usipotaja jina, fungua kwa "Dear Sir or Madam" na ufunge kwa "Yours faithfully". Ukimtaja, "Dear Mr" au "Dear Ms" pamoja na jina la ukoo, kisha "Yours sincerely". Kuchanganya jozi hizi ndiyo ishara ya kwanza ya barua iliyonakiliwa vipandevipande.

Angalieni jinsia pia, jambo ambalo "Mheshimiwa" na "Ndugu" havituulizi. Shinyanga imeongozwa na Zainab Telack na Sophia Mjema, na Geita na Rosemary Senyamule, wote wakuu wa mikoa wanawake. Barua ya Kiingereza iliyofunguliwa kwa "Dear Sir" ingewakosea wote watatu. Kwa kiongozi wa kisiasa, andika "Honourable Regional Commissioner", na jambo hilo halizuki tena.

Nawaomba makatibu jambo moja. Chapisheni kila barua mara mbili, na msiondoke masjala kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku ya kufuatilia majibu, mtaulizwa tarehe hiyo kwanza.