Meza ya Dagaa Wakati wa Mvua
Maelezo yaliyotolewa kwa wafanyabiashara na wateja, Kasingirima, Kigoma



Mkoani kwetu mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, hupungua kwa wiki chache Januari au Februari, kisha huendelea hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Ni takribani nusu ya mwaka. Leo nitazungumzia meza ya dagaa wakavu, kwa kuwa ndiyo inayoumizwa zaidi na unyevu.

Nianze na kivuli. Wengi hulifunga turubai likiwa bapa, na mvua ikinyesha maji hutuama katikati. Dimbwi la mita moja kwa mita moja, lenye kina cha sentimita 10, lina uzito wa kilo 100. Hakuna kamba ya kawaida itakayolistahimili kwa muda mrefu. Nguzo za mbele ziwe ndefu kuliko za nyuma, ili maji yaelekee mtaroni, wala si kwa mteja au kwenye meza ya jirani. Turubai lizidi ukingo wa meza kwa urefu wa mkono hivi, kwa maana mvua yenye upepo huja kwa kuinama. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ardhi. Na nailoni inayofunika dagaa ifunuliwe mara jua litokapo, kwani joto huinua mvuke, nao hurudi chini ukawa matone juu ya bidhaa ileile uliyokuwa ukiilinda.

Hata hivyo, turubai haliwezi kuwakausha dagaa walionunuliwa wakiwa wabichi ndani. Kama tujuavyo, wavuvi huwavua kwa taa, na mavuno huwa mengi usiku wa giza kuliko wakati wa mbalamwezi. Basi wiki ya giza ikikutana na mvua, dagaa hufika ufukoni kwa wingi pasipo jua la kuwaanika. Bei hushuka, na mfanyabiashara hushawishika kujaza gunia. Hapo ndipo pa kusita. Dagaa aliyekauka huvunjika kwa sauti. Aliye na unyevu hupinda. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, maana juu huwa pakavu daima: ukihisi ubaridi au joto lisilo la kawaida, au ukisikia harufu ya uvundo, acha. Mteja naye afanye jaribio hilohilo, hasa anaponunua kwa kilo, kwa sababu maji nayo huingia kwenye mizani.

Ushauri wangu ni kununua nusu ya mzigo wa kiangazi, na sehemu iliyobaki ya meza ipewe bidhaa zisizoogopa mvua. Mawese katika chupa zilizofungwa yanafaa sana. Yakiganda kwa baridi, mweleze mteja kwamba hiyo ni tabia yake, asije akadhani yamechanganywa. Sabuni na viberiti hufaa vikiwa ndani ya mifuko. Chumvi ya Uvinza huvuta maji hewani, hivyo ikae katika ndoo yenye kifuniko. Karanga zinahitaji hadhari kubwa zaidi: zikipata ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga. Hizo si za kuuzwa kwa bei ya hasara. Ni za kutupwa.

Sasa gharama za siku mbovu. Tuchukue mfano wa kukadiria tu, kila mmoja aweke tarakimu zake. Mama mmoja ana gharama za shilingi 4,000 kwa siku, auze asiuze: ushuru, ulinzi wa mzigo, nauli na chakula. Kopo moja la dagaa humpa faida ya shilingi 600. Anahitaji basi kuuza makopo saba ili gharama zirudi. Siku ya mvua anauza manne, anapata 2,400, na pengo ni 1,600. Jioni hiyo hulijaza kwa fedha za kununulia mzigo, wala haoni tofauti, kwa kuwa kibeti bado kina noti. Tofauti huonekana baada ya siku kadhaa, gunia linaponunuliwa dogo kuliko lililopita.

Akiwa na siku kumi za namna hiyo kila mwezi, kwa miezi sita, mapengo yatafika shilingi 96,000. Kuanzia Juni hadi Septemba ana takribani siku 120 za jua. Akitenga shilingi 800 kila siku, katika mfuko usiochanganywa na mtaji, atakuwa amelipia mvua kabla haijanyesha. Kama 800 haipatikani, apunguze pengo lenyewe: asubuhi ya mvua nzito afungue saa chache tu, wateja wanapotoka kutafuta kitoweo, na wenye meza jirani wachangie mlinzi mmoja. Ila aulize kwanza kama ushuru hutozwa kwa siku au kwa mwezi, maana ukiwa wa mwezi, kufunga meza hakumpunguzii hata senti ya ushuru huo.