Tangazo Halikuonekana: Je, Fedha Zimeibwa?

Juma lililopita jirani yangu alibisha hodi akiwa amefura. Dada huyu hupika mbele ya kamera na kuweka video zake YouTube, nao wamemkubalia apate mgawo wa fedha za matangazo.

"Kaka, naibiwa!" alisema. "Kwenye simu yangu tangazo linatokea. Kwenye kompyuta ya mwanangu halitokei hata moja."

Nikamwomba ailete kompyuta hiyo. Tukakuta kijana ameweka programu ya kuzuia matangazo. Ukifungua video, kompyuta hutuma maombi mbalimbali: la kuletewa video, na jingine la kuletewa tangazo. Programu hiyo inayo orodha ya anwani zinakotoka matangazo. Ombi likielekea huko, hulikata njiani. Wali unaonekana, tangazo halifiki. Mfanyabiashara halipii tangazo lisiloonyeshwa, na mpishi hana cha kugawiwa. Tangu mwaka 2023 YouTube imezidi kuwabana wanaotumia programu hizo, lakini hazijakwisha.

Si hao tu. Wapo wanaolipia YouTube Premium ili wasisumbuliwe na matangazo. Hapo mpishi hakosi kitu, maana hupata sehemu ya ada yao kwa kadiri wanavyotazama kazi yake. Na wapo wasioonyeshwa tangazo kwa sababu hakuna aliyelinunulia nafasi. Kila nafasi hunadiwa kufumba na kufumbua, na mfanyabiashara huchagua nchi, lugha na kiasi cha fedha atakachotumia. Asipotokea wa kumtaka mtazamaji huyo saa hiyo, video hupita tupu.

Tupige hesabu ya mfano. Video imetazamwa mara 10,000, lakini zilizoambatana na tangazo ni mara 6,000. Wafanyabiashara wakilipa dola 2 kwa kila mara 1,000 kati ya hizo, zinapatikana dola 12. Mgawo wa mpishi ni asilimia 55, yaani dola 6 na senti 60. Anayezidisha dola 2 kwa zile 10,000 hutarajia dola 20, kisha hulia ameibiwa.

Nilimwonyesha dada mahali pa kutazama. Ndani ya YouTube Studio, kwenye hesabu za mapato, ipo idadi iitwayo `Estimated monetized playbacks`. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na jumla ya waliotazama, wala si simu ya mtu mmoja. Ikiporomoka ghafla kwenye video moja, atazame alama ya dola iliyo kando ya video hiyo. Ikiwa ya njano, maana yake matangazo yamepunguzwa au yameondolewa kwa sababu ya yaliyomo, naye anaweza kuomba ikaguliwe upya.

Alikuwa amepanga kuwaomba shangazi zake wayabofye matangazo kila siku ili kufidia. Nikamkataza. Mibofyo ya namna hiyo hugunduliwa, fedha zake hukatwa, na mgawo wenyewe waweza kufungwa.

Aliondoka kimya. Baadaye nikasikia akimwita mwanawe: "Wewe! Hiyo programu uliiweka lini?"